Batri ya pili ndani ya gari ya kulala: frigo ifanye kazi usiku, na asubuhi moteri iwake



Wengi wenu munajua ile gari yetu ya mizunguko. Ni kampinkari, ni kusema gari ya kulala: nyuma iko kitanda, meza, jiko dogo na frigo. Ilifika ku Lubumbashi na wasafiri waliotoka Ulaya kwa barabara, wakaiuza hapa mbele ya kurudi kwao na ndege. Sisi tunaitumia kwa kazi. Tunafika kijijini jioni, tunalala ndani yake, na asubuhi mapema, mbele kuku hazijafunguliwa, tunaanza kuchanja. Chanjo inasafiri ndani ya ile frigo.

Mu mzunguko mmoja upande wa Kasenga, mambo yaliharibika. Tulifika saa kumi na moja jioni, tukazimisha moteri, tukala, tukalala. Frigo ilikuwa imefungwa ku batri ya gari, ile ile moja inayowasha moteri. Asubuhi saa moja wamama walikuwa tayari wamesimama na vitunga vya kuku. Tulifungua frigo: kipimo cha ndani kilionyesha digri 17. Chanjo ya nyukaseli, ile wengine wanaitaka kideri, inataka kukaa kati ya digri 2 na 8. Tuliitupa yote. Kisha tukageuza ufunguo wa gari: taka, taka, taka, na kimya. Wale wale tuliowaambia waturudishie kuku nyumbani njo walitusukuma gari.

Kurudi ku Lubumbashi, tulikaa na mekanisiye wetu siku mbili na tukaweka batri ya pili na rele ya kutenganisha. Tangu pale hatujatupa chanjo tena kwa sababu ya moto wa gari. Kwa sababu koperative zingine nazo ziko na gari ndogo na zinataka kuweka frigo ndani, tunaeleza hapa namna tulivyofanya, na mahali watu wanakosea.

Juu gani batri moja haitoshi

Batri ya kuwasha moteri imetengenezwa kwa kazi moja: kutoa nguvu kubwa sana kwa sekunde chache, demareri izungushe moteri. Kisha alternateri, ile inayozungushwa na mukanda wa moteri, inairudishia kile ilichotoa. Mabamba ya risasi yaliyo ndani yake ni membamba na mengi. Ni mazuri kwa kutoa nguvu ya haraka, lakini hayapendi kutolewa pole pole usiku mzima mpaka batri ibaki karibu tupu. Ukiifanyia vile mara nyingi, batri inakufa, hata kama iko mupya.

Frigo nayo inafanya kazi ya namna ingine. Haiombi nguvu mingi, lakini inaomba bila kuchoka. Kwa hiyo inataka batri yake, ile yenye mabamba manene inayovumilia kutolewa pole pole na kujazwa tena. Ndani ya maduka wanaiitaka mara nyingi batri ya sola. Sisi tulichukua moja ya volti 12 na ampea-saa 100, ya risasi, iliyofungwa, isiyoongezwa maji.

Sasa swali ni hili. Hii batri ya pili itajazwa namna gani? Alternateri ni moja. Ukifunga batri mbili pamoja kwa waya, zote zitajazwa wakati wa safari, ndiyo. Lakini ukizimisha moteri, zinabaki zimefungana, na frigo itazinyonya zote mbili. Asubuhi uko na batri mbili tupu pahali pa moja.

Rele ni mulango

Rele ya kutenganisha inamaliza shida hiyo. Iko kati ya batri mbili kama mulango. Wakati moteri inazunguka na alternateri inatoa, mulango unafunguka na moto unapita kwenda batri ya pili. Moteri ikizima, mulango unafungwa, na kila batri inabaki peke yake. Frigo inakula ku batri ya pili tu. Hata ikiimaliza kabisa, batri ya kuwasha haijaguswa.

Iko rele za namna mbili. Ya kwanza ni rele ya kawaida yenye miguu mine, ile mekanisiye wanaijua sana. Inataka waya mdogo wa kuiambia wakati wa kufunga. Ukitoa huo waya ku kontakti ya ufunguo, unakosea mara mbili. Kwanza, ukisikiliza redio na ufunguo uko wazi bila moteri, batri mbili zimefungana na zote zinanyonywa. Pili, wakati wa kuwasha, mulango uko tayari wazi, na demareri inavuta nguvu yake kubwa hata ku batri ya pili, kupitia waya ambao haukufanywa kwa nguvu hiyo. Fizibo inaungua, ao waya unapata moto. Hii rele ya kawaida inafaa tu kama waya wake mdogo unatoka ku alternateri, pale panapoandikwa D+, maana pale panakuwa na moto wakati alternateri inafanya kazi tu.

Ya pili ni rele inayojipima volti. Hii njo tulichagua. Haihitaji waya wa alternateri. Inaangalia volti ya batri ya kuwasha, basi. Batri iliyopumzika, hata ikijaa, inabaki karibu ya volti 12,7. Haiwezi kupanda yenyewe. Kama volti inapanda mpaka 13,3, maana yake alternateri iko inafanya kazi, rele inafunga. Kama inashuka chini ya 12,8, maana yake moteri imezimwa, rele inaachia. Hizo namba mbili zinaweza kubadilika kidogo kufuatana na mutengenezaji, lakini akili ni ile ile.

Frigo yako inakula kiasi gani?

Mbele ya kununua kitu, muangalie frigo. Tuko na sababu ya kulisema.

Mu kampinkari za zamani munakuwa mara nyingi frigo ya njia tatu: gazi, volti 220, na volti 12. Unaitambua kwa sababu haitoi sauti ya moteri ndogo, na iko na kishimo cha moshi wa gazi pembeni. Hii, ukiiweka ku volti 12, inavuta ampea 10 ao zaidi bila kupumzika. Usiku wa masaa 14, hiyo ni ampea-saa 140. Batri ya 100 haiwezi. Frigo ya namna hiyo, volti 12 ni ya wakati wa safari tu. Ukisimama, unaipitisha ku gazi.

Frigo inayofaa na batri ya pili ni ile yenye kompresa ya volti 12. Unasikia ikinguruma kidogo, kisha inanyamaza, kisha inanguruma tena. Yetu iliandikwa nyuma wati 48. Unagawanya na volti 12, unapata ampea 4. Lakini haivuti hizo 4 muda wote. Usiku, joto likishuka, kompresa inafanya kazi karibu dakika 4 kila dakika 10. Kwa hiyo usiku wa masaa 14 ni hivi:

ampea 4 mara masaa 14 ni 56. Nne ya kumi ya 56 ni karibu 22. Basi frigo yetu inakula ampea-saa 22 usiku moja.

Muchana, jua likipiga gari, kompresa inafanya kazi karibu nusu ya muda. Masaa 10 ya muchana inakula tena 20. Jumla ya usiku na muchana ni 42.

Sasa batri. Batri ya risasi ya ampea-saa 100 haitumiwi mpaka mwisho. Ukitaka idumu miaka, utumie nusu yake tu, ni kusema 50. Kwa hiyo hesabu yetu inatuambia wazi: tunaweza kusimama usiku moja bila wasiwasi, usiku na muchana tukijichunga, lakini usiku wa pili bila kutembeza gari, hapana. Kila mutu afanye hesabu hii na frigo yake mwenyewe.

Waya na fizibo

Pale njo watu wengi wanaokoa pesa vibaya. Waya mwembamba ni bei ndogo, na frigo inawaka, kwa hiyo mutu anafikiri kazi imekwisha. Lakini waya mwembamba unakula volti njiani. Alternateri inatoa 14,2, na ku batri ya pili inafika 13 tu. Batri inapata moto kidogo, haijazwi hata siku moja mpaka mwisho, na batri ya risasi ambayo haijazwi vizuri inaharibika ndani ya miezi.

Kati ya batri zetu mbili kuko metre 5 za waya. Tuliweka waya wa kopa wa milimetre-karé 16. Ukikosa namba, uangalie ukubwa wa kopa yenyewe, usidanganywe na mpira mnene unaoizunguka. Rele yetu ni ya ampea 140. Inaweza kuonekana kubwa sana kwa frigo ya ampea 4, lakini rele haipitishi moto wa frigo tu. Asubuhi, wakati batri ya pili iko na njaa na moteri inawaka, inaweza kuvuta ampea 40 ao 50 dakika za kwanza. Rele ndogo ya ampea 30 inaungua, ao ubaya zaidi, vidole vyake vya ndani vinashikana kwa joto na mulango haufungwi tena.

Kuhusu fizibo, musikilize vizuri. Ule waya mrefu uko na batri ku mwisho wa huku na batri ku mwisho wa kule. Ukikatwa na chuma cha shasi katikati, moto unatoka pande zote mbili. Fizibo moja itakata upande mmoja tu. Upande wa pili utaendelea kuunguza gari. Kwa hiyo tunaweka fizibo mbili, kila moja karibu na batri yake, isipite sentimetre 20. Zetu ni za ampea 80. Fizibo inachunga waya, kwa hiyo siku zote iwe ndogo kuliko kile waya unaweza kubeba.

Toka batri ya pili kwenda frigo tuliweka waya wa milimetre-karé 6, wa kwenda na wa kurudi, na fizibo ya ampea 15. Ile waya ya zamani iliyokuja na gari ilikuwa nyembamba sana. Frigo nyingi za kompresa zinajizima zenyewe kama volti inashuka, kwa kuchunga batri. Waya ukiwa mwembamba, kompresa ikitaka kuanza, volti inaanguka pale ku frigo, na frigo inajizima hata kama batri iko imejaa. Mutu anasema batri ni mbovu, anunua ingine, na shida inabaki.

Namna tulivyofunga

Tulianza kwa kutoa kose ya mase, ile ya alama ya kutoa, ku batri ya kuwasha. Hii ni ya kwanza kila mara. Ukiacha, na ufunguo wa chuma ukigusa kose ya moto na mwili wa gari pamoja, utaona cheche ambazo hutasahau.

Kisha tuliweka batri ya pili ndani ya kisanduku chini ya kiti cha nyuma, tukaikaza na mukanda wa chuma. Batri ya kilo 25 ao 30 isiyofungwa inakuwa jiwe la kutupwa siku shoferi anafunga breki kwa nguvu. Kama batri yenu ni ya kuongezwa maji, kisanduku kiwe na mpira wa kutoa hewa inje, maana wakati inajazwa inatoa gazi inayoweza kulipuka, na nyinyi munalala juu yake.

Rele tuliifunga mbele, karibu na batri ya kuwasha, mahali pasipo maji wala joto la moteri. Mguu wake mmoja unaenda ku kose ya moto ya batri ya kuwasha kupitia fizibo ya kwanza. Mguu wa pili unaenda nyuma na ule waya mrefu, kupitia fizibo ya pili, mpaka kose ya moto ya batri ya pili. Mguu mdogo mweusi unaenda mase. Waya mrefu tuliupitisha ndani ya mpira wa kuuchunga, mbali na eshapema, na kila mahali unapopita tundu la chuma tuliweka mpira mzito, maana gari inatikisika na chuma inakata pole pole.

Mase ya batri ya pili tuliifunga ku shasi na waya mfupi wa unene ule ule wa 16. Tulikwangua rangi mpaka chuma kikaonekana cheupe, tukakaza bulono, kisha tukapaka grisi juu. Mase mbaya njo inaleta magonjwa mengi kuliko rele mbaya. Frigo yenyewe tuliifunga ku batri ya pili tu. Hakuna hata waya mmoja wa frigo uliobaki upande wa batri ya kuwasha. Mwisho wa yote tulirudisha kose ya mase ya mbele, na kisha tukaweka fizibo mbili.

Namna ya kujua kama inafanya kazi

Musiamini macho wala sauti. Mutafute kile chombo cha kupima volti ambacho kila mekanisiye wa moto iko nacho, mupime ku kose za kila batri.

Moteri imezima toka usiku, frigo inafanya kazi: batri ya kuwasha ilituonyesha 12,6 na batri ya pili 12,4. Namba mbili tofauti, maana yake mulango umefungwa. Ni vizuri.

Tukawasha moteri. Ya kwanza ikapanda mpaka 14,1. Nyuma ya sekunde chache tukasikia taka ndogo ndani ya rele, na ya pili ikaanza kupanda. Baada ya dakika 20 ilionyesha 13,9. Kati yao ni 0,2 tu, na hiyo ni ya kawaida. Kama kwenu munaona tofauti ya nusu volti ao zaidi wakati moteri inazunguka, kuko pahali moto unapotea. Mupitishe mukono juu ya kila kose, kila fizibo na ile bulono ya mase. Pale panapokuwa na joto kuliko pengine njo penye ugonjwa.

Tukazimisha moteri. Rele haikuachia palepale, ilichukua dakika chache, maana volti ya batri iliyotoka kujazwa inashuka pole pole. Musiogope. Lakini mupime tena asubuhi. Kama batri mbili zinaonyesha namba ile ile kabisa, na zote ziko chini, kwa mufano 12,2 na 12,2, rele imeshikana. Frigo imekula ku zote mbili. Hiyo ibadilishwe mbele ya safari ingine.

Ile namba ya asubuhi ya batri ya pili muiandike kila safari. Ku batri ya risasi iliyopumzika bila kazi, 12,7 ni imejaa, 12,2 ni karibu nusu, na chini ya hapo munaanza kuiumiza. Kama frigo inafanya kazi wakati munapima, namba itakuwa chini kidogo. Muizime dakika chache kwanza. Kama zamani mulikuwa munaamka na 12,4 na sasa, frigo ile ile, usiku ule ule, munaamka na 12,1, batri inazeeka ao haijazwi vizuri. Mutalijua mbele ya chanjo kuharibika.

Mipaka yake

Rele haitengenezi moto. Inapitisha tu kile alternateri inatoa wakati wa safari. Frigo ikikula 22 usiku, asubuhi batri inataka kurudishiwa zaidi kidogo ya hiyo, na batri ya risasi inapokea haraka mwanzoni kisha inapokea pole pole ikikaribia kujaa. Nusu saa ya kwenda kijiji cha jirani haitoshi. Sisi tunahesabu masaa mawili mpaka matatu ya safari. Kama mzunguko wenu ni wa kusimama siku tatu pahali pamoja, muongeze bamba la sola juu ya gari. Bamba la wati 100 na rejeleta yake, siku ya jua zuri, linaweza kuleta karibu ampea-saa 28. Halitoshi peke yake kwa zile 42, lakini linawapa siku ingine.

Gari za sasa kutoka Ulaya ziko na shida ya namna yake. Katika mingi yao, kompyuta ya gari inashusha alternateri wakati batri ya kuwasha imejaa, kwa kuokoa mafuta. Volti inaanguka, rele inaachia, na batri ya pili inabaki na njaa hata munatembea siku nzima. Dalili yake ni hii: munapima wakati moteri inazunguka, mara munaona 14,5, mara 12,5. Ku gari kama hiyo rele haifai. Inatakiwa sharjeri maalum inayochukua volti ya mbele na kuipandisha yenyewe. Na vilevile, kama mutu anawauzia batri ya lityumu, musiifunge na rele hii peke yake. Ile inavuta moto bila kipimo na inaweza kuchosha alternateri mpaka iungue.

Mwisho, yote tuliyosema ni ya gari ya volti 12. Kamyo nyingi ziko na volti 24. Mupime mbele ya kununua.

Tulirudi Kasenga nyuma ya wiki tano. Tulifika jioni saa ile ile, tukasimama pahali pale pale. Asubuhi frigo ilionyesha digri 5, batri ya pili 12,4, batri ya kuwasha 12,6. Wamama walikuja tena na vitunga, lakini safari hii mmoja wao hakuruhusu tuguse kuku wake mbele ya kuangalia kipimo cha frigo kwa macho yake. Tulimufungulia. Aliangalia, akatikisa kichwa, akaleta kuku wa kwanza.